Mirija miwili ya macho isikudanganye: kutambua hadubini ambatani na hadubini sterio kwenye picha

Mara ya kwanza nilipofundisha somo hili, picha nilizochagua ndizo zilizoliharibu. Nilikuwa na picha nne. Mbili zilikuwa za hadubini ambatani, zote za mrija mmoja wa kuchungulia, na mbili za hadubini sterio, zote za mirija miwili. Nilieleza jukwaa, nikaeleza lenzi, nikaeleza mwanga unapoingilia, na mwisho wa kipindi kila mwanafunzi alijibu sawasawa. Siku mbili baadaye nikabandika ubaoni picha ya hadubini ambatani ya mirija miwili, ile ya kawaida kabisa ya maabara. Darasa zima likasema, "Sterio, Mwalimu!"

Watoto hawakuwa na kosa. Picha zangu nne ziliwapa kanuni fupi kuliko maneno yangu yote: hesabu macho; jicho moja ni ambatani, macho mawili ni sterio. Kanuni hiyo ilijibu kila picha niliyowaonyesha, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kutafuta nyingine. Tangu hapo nimelipanga upya somo hili, na mpango wenyewe ndio huu. Ni maongezi ya dakika 20 hadi 25, na hayahitaji hadubini hata moja mezani.

Kwanza, picha

Tafuta picha sita. Tatu ziwe za hadubini ambatani: moja ya mrija mmoja yenye kioo cha kuakisi mwanga chini yake, na mbili za mirija miwili zenye taa ndani ya kitako. Tatu ziwe za sterio: moja yenye kitako cha kawaida, moja yenye taa mbili, juu na chini, na moja iliyoning'inizwa kwenye mkono mrefu wa chuma bila jukwaa lolote chini yake. Ukiwa na nafasi ya picha moja tu ya kukusumbua, ichague iwe hadubini ambatani ya mirija miwili iliyopigwa kwa ubavu, maana hiyo ndiyo itakayokuambia kama somo limeingia.

Kabla ya kuzichapisha, zikague kwa macho ya mtoto anayetafuta njia ya mkato. Je, picha zote za sterio zina mandhari meupe na zote za ambatani zina mandhari meusi? Je, sterio zote zimepigwa kwa mbele na ambatani zote kwa ubavu? Kama kuna tofauti yoyote isiyohusu chombo chenyewe, changanya. Zifanye ziwe na ukubwa unaolingana kwenye karatasi, kwa sababu picha haionyeshi ukubwa halisi na mtoto asiamue kwamba iliyo kubwa kwenye karatasi ndiyo kubwa duniani. Picha nyeusi na nyeupe zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Picha moja tu ya hadubini ambatani iwe ya rangi, na kali kiasi cha kusomeka maandishi kwenye lenzi zake, kwa sababu tutayasoma.

Nyuma ya kila picha andika jibu na sababu moja, kwa penseli. Chukua pia karatasi sita nyepesi zinazoweza kufunika nusu ya juu ya kila picha. Karatasi hizo ndizo zana muhimu kuliko zote katika somo hili.

Dakika tano za mwanzo: jicho moja, kisha la pili

Usianze na picha. Waambie wanafunzi wanyooshe kidole gumba mbele ya pua, umbali wa kama shubiri moja, wafumbe jicho la kushoto watazame, kisha wafumbue hilo na kufumba la kulia. Kidole kinaruka upande. Warudie mara tatu au nne mpaka kila mmoja akubali kwamba kimeruka kweli.

Kinachotokea ni kwamba kila jicho lina mahali pake pa kutazamia, kwa hiyo kila jicho linapata taswira yake. Ubongo unaziunganisha mbili hizo, na katika kuziunganisha unapata kina: hiki kiko mbele, kile kiko nyuma. Hadubini sterio imejengwa ili kulinda tofauti hiyo. Ndani yake mna njia mbili za mwanga zinazopanda kutoka kwenye kitu hadi machoni, zimeachana kwa pembe ya digrii 10 hadi 15 hivi, moja kwa kila jicho. Kampuni ya Zeiss kule Jena ndiyo iliyotengeneza za kwanza za namna hiyo miaka ya 1890, kwa wazo la mwanabiolojia Mmarekani aitwaye Horatio Greenough.

Sasa njoo kwenye hadubini ambatani ya mirija miwili. Hapa mwanga unapanda kwa njia moja, kupitia lenzi moja iliyo juu ya slaidi. Ukifika juu, prizimu inaugawa mara mbili, nusu kwa jicho la kulia na nusu kwa la kushoto. Macho yote mawili yanaona taswira ileile. Ni raha kwa mtu anayekaa hapo saa nyingi, kwa kuwa halazimiki kufumba jicho, lakini kina hakipo. Nachora jambo hili ubaoni kwa mistari michache tu: upande mmoja mistari miwili inayopanda kwa kuachana kama herufi V, upande wa pili mstari mmoja unaopanda na kugawanyika juu kabisa kama herufi Y. Michoro hiyo miwili ibaki ubaoni mpaka mwisho.

Mwanafunzi makini huuliza hapa kwa nini moja tu inaitwa ambatani, iwapo zote mbili zina lenzi ya chini na lenzi ya jicho. Swali ni la haki na jibu liwe la wazi: kwa maana ya kulitaja neno kwa ukali, hata sterio ni ambatani, tena ni kama ambatani mbili zilizoegemezwa pamoja. Majina yamekaa hivyo kwa mazoea. Ndiyo maana hatutambui chombo kwa kulichambua jina lake. Tunatazama mwanga unapita wapi.

Funika macho

Gawa picha, kila kundi la watoto wanne au watano picha moja, nusu ya juu ikiwa tayari imefunikwa. Mirija ya kuchungulia isionekane kabisa. Swali la kwanza ni moja: kati ya lenzi ya chini na mahali pa kuwekea kitu, kuna nini?

Kwenye hadubini ambatani utaona kichwa cha mviringo kinachozunguka, nacho kimebeba lenzi tatu au nne zenye urefu tofauti, kama vidole vinavyoelekea chini. Lenzi ndefu inakaribia kugusa jukwaa. Hiyo si ajali ya mpiga picha. Lenzi ya kukuza mara 40 inafanya kazi ikiwa imeiacha slaidi kwa nafasi isiyofika au inayozidi kidogo tu milimita moja, na ile ya mara 100 inakaribia zaidi, sehemu ya milimita tu, mpaka hutiwa tone la mafuta kati yake na kioo. Mkono hauwezi kuingia hapo, wala sindano.

Kwenye sterio nafasi ni kubwa. Kwa nyingi za kawaida ni kama milimita 100, yaani sentimita 10, kati ya lenzi na kitu. Mtu anaweza kuweka mende mzima, ua, jiwe au saketi ya redio, akaingiza mikono yote miwili na kibano, akafanya kazi huku anatazama.

Picha haina rula, kwa hiyo wafundishe kupima kwa kulinganisha. Wachukue upana wa mrija mmoja wa kuchungulia kama kipimo, waukate kwenye kipande cha karatasi, kisha waone unaingia mara ngapi kati ya lenzi na jukwaa. Itabidi wafunue sehemu ya juu kidogo kwa ajili hiyo, halafu waifunike tena. Kwenye sterio iliyo tayari kwa kazi, upana huo mara nyingi utaingia mara tatu. Kwenye ambatani, ukipima chini ya lenzi iliyoelekezwa kwenye tundu la jukwaa, mara nyingi hauingii hata mara moja.

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko penginepo, kwa sababu kipimo hiki kizuri kinaweza kupotosha. Hadubini nyingi hupigwa picha zikiwa hazitumiki. Jukwaa la ambatani linakuwa limeshushwa mpaka chini na lenzi fupi ya mara 4 ndiyo iliyoelekezwa, na ghafla nafasi inaonekana pana. Sterio nayo huenda imeshushwa kichwa mpaka karibu na kitako kwa ajili ya kuhifadhiwa kabatini, na nafasi inaonekana finyu. Kwa hiyo nafasi pekee haitoshi kutoa hukumu. Mwanafunzi akisema "nafasi ni kubwa, ni sterio," muulize, "Na ushahidi wa pili?"

Ushahidi wa pili uko chini ya jukwaa

Jukwaa la hadubini ambatani lina tundu katikati na vibanio vya kushikilia slaidi. Chini ya tundu hilo kuna kitu kinachoning'inia: kondensa, yaani lenzi ya kukusanya mwanga, au angalau sahani ya kuongeza na kupunguza mwanga, na chini zaidi kuna taa au kioo cha kuakisi. Yote hayo yapo kwa sababu mwanga lazima utoke chini, upenye kitu chenyewe, uingie kwenye lenzi. Ndiyo maana kitu hicho lazima kiwe chembamba: ngozi ya kitunguu, tone la maji ya bwawa, damu iliyopakwa kwenye kioo.

Sterio ya kawaida ina sahani bapa juu ya kitako, mara nyingi nyeupe upande mmoja na nyeusi upande mwingine, ili kitu cheusi kiwekwe juu ya nyeupe na cheupe juu ya nyeusi. Mwanga unatoka juu, unakipiga kitu, unaakisiwa kuelekea kwenye lenzi. Kama kuna vibanio, vipo kwa mazoea tu. Na ile iliyoning'inizwa kwenye mkono mrefu haina hata hiyo sahani. Chini yake kuna meza tupu. Picha hiyo hutambulika mara moja, usiipe zaidi ya nusu dakika.

Picha ya sterio yenye taa mbili ndiyo inayotenganisha waliokariri na walioelewa. Chini ina sahani ya kioo na taa ndani ya kitako, na watoto watasema, "Mwanga unatoka chini, basi ni ambatani." Waambie waangalie tena. Kuna taa, ndiyo, lakini je, kuna kondensa inayoning'inia kati ya taa na kitu? Hakuna. Je, kuna kichwa chenye lenzi za urefu tofauti? Hakuna. Taa ya chini imeongezwa kwa ajili ya vitu vinavyopenyeza mwanga kidogo, kama bawa la nzi.

Picha moja kwa ukaribu

Sasa nabandika ubaoni ile picha ya rangi, hadubini ambatani ya mirija miwili, nusu ya juu imefunikwa. Haya ni mazungumzo yanavyokwenda kwa kawaida.

"Haya, nani aniambie anachoona. Si jina la hadubini, anachoona."

"Naona lenzi nne, Mwalimu, hazilingani urefu."

"Na nyingine?"

"Jukwaa lina tundu. Chini yake kuna kitu cheusi cha mviringo kimeshikizwa."

"Kimegusa kitako?"

"Hapana, kinaning'inia."

Hapo naondoa karatasi. Mirija miwili inaonekana, na siku zote kuna atakayeguna na kutaka kubadili jibu. Simkatazi. Namwuliza mirija hiyo imeondoa nini kati ya vitu alivyoviona chini. Haijaondoa chochote. Lenzi ni moja tu iliyoelekezwa kwenye slaidi, njia ya mwanga ni moja, na mchoro wake ni ule wa herufi Y.

Kisha tunasoma maandishi. Kwenye lenzi yenye pete ya buluu hafifu imeandikwa 40/0.65, na chini yake 160/0.17. Namba 40 ni ukuzaji wa lenzi hiyo. Namba 0.65 inahusu uwezo wake wa kukusanya mwanga na kutenganisha vitu vidogo, na wanafunzi wadogo waipite tu. 160 ni urefu wa mrija wa hadubini kwa milimita. Ile 0.17 ndiyo ninayoipenda, nayo haihitaji hesabu yoyote: ni unene, kwa milimita, wa kile kioo chembamba cha kufunikia sampuli kwenye slaidi. Lenzi hii imetengenezwa kwa kutarajia kwamba kitu kimelala chini ya kioo cha unene huo. Huwezi kumfunika mende kwa kioo cha namna hiyo. Mahali alama hiyo inaposomeka, huhitaji ushahidi mwingine.

Kwenye lenzi ya jicho imeandikwa 10X, kwa hiyo ukuzaji wote ni 10 × 40, yaani mara 400. Pete za rangi nazo husaidia picha ikiwa haisomeki vizuri: nyekundu ni mara 4, manjano mara 10, buluu hafifu mara 40, nyeupe mara 100. Hadubini nyingi za kisasa hufuata rangi hizo, ila za zamani zinaweza kuwa bila pete kabisa.

Linganisha na sterio. Kwenye gurudumu lake la kukuzia, lililo ubavuni mwa kichwa, utasoma namba ndogo, kwa mfano kuanzia 0.7 hadi 4.5. Pamoja na lenzi ya jicho ya 10X, ukuzaji unaanzia mara 7 na kuishia mara 45. Ambatani ya shule kwa kawaida huanzia mara 40 na kufika 400 au 1000. Pale zinapokutana, karibu na mara 40, namba peke yake haikuambii kitu, na ni vizuri mwanafunzi mmoja aligundue hilo mwenyewe.

Sterio mbili zinazofanana na ambatani

Sterio nyingi za shule hazina gurudumu la kukuzia. Zina kichwa kidogo kinachozunguka kubadili kati ya mara 2 na mara 4, na mtoto akiona kinazunguka atasema ambatani. Mwambie aangalie chini ya kichwa hicho: lenzi ziko kwa jozi, mbili mbili, kwa kuwa kila jicho lazima lipate yake. Picha iliyopigwa kwa mbele na kidogo kutokea chini inaonyesha jozi hizo vizuri. Iliyopigwa kwa ubavu inazificha.

Ya pili ni ngumu zaidi. Zipo sterio, hasa za maabara za utafiti, zinazotumia lenzi moja kubwa chini kwa ajili ya njia zote mbili. Mtoto anaona lenzi moja, anakumbuka mchoro wa Y, anakosea. Alama ya kumwokoa ni upana: lenzi hiyo ni pana kuliko mrija wa kuchungulia, imekaa kama kopo, na chini yake kuna ile nafasi kubwa ya kuingiza mikono. Njia mbili za mwanga zinapita ndani ya lenzi hiyohiyo, kila moja upande wake. Kwa darasa la mwanzo picha hii iache. Nimewahi kuiingiza mapema, ikawavuruga hata wale waliokuwa wamekwisha kuelewa.

Kama swali ni picha iliyopigwa kupitia hadubini

Mitihani mingine haionyeshi chombo, inaonyesha kilichoonekana. Hapa tafuta kivuli. Kitu kizima, chenye uso unaong'aa upande mmoja na kivuli upande mwingine, miguu na nywele zikionekana jinsi zilivyojitokeza, kimepigwa kwa sterio karibu kila mara. Kitu bapa, kinachopenyeza mwanga, kwenye mandhari angavu, seli zikiwa zimepangana kama vigae, ni cha ambatani. Mstari wa kipimo ukiwepo pembeni, usome kabla ya yote: ukiandikwa 1 mm au zaidi, elekea kwenye sterio, ukiandikwa 10 µm au 20 µm, yaani maikromita, ni ambatani. Ila sterio yenye taa ya chini ikitazama bawa la nzi hutoa picha bapa na angavu pia, na bila mstari wa kipimo sioni haya kumpa maksi mwanafunzi aliyeandika kwamba picha haitoshi kuamua.

Kuwapima

Katika dakika tano za mwisho kila kundi linampa jirani picha yake, na kila mwanafunzi anaandika sentensi moja kwa mtindo huu: "Hii ni ... kwa sababu naona ... na ..." Ushahidi uwe miwili, na usiwe idadi ya mirija ya macho. Jibu sahihi lenye sababu mbovu nalirudisha. Jibu lisilo sahihi lenye vitu viwili vilivyoonekana kweli nalijadili ubaoni, maana huyo ametazama, na kosa lake kwa kawaida liko sehemu moja tu: hajauliza kama chombo kilipigwa picha kikiwa kazini au kikiwa kimehifadhiwa.

Siku mbili au tatu baadaye, bila kutangaza, bandika picha ya saba: ambatani ya mirija miwili ambayo hawajaiona, imepigwa kwa ubavu, jukwaa likiwa limeshushwa, na safari hii usifunike kitu. Ukisikia "sterio" kwa wingi, rudi kwenye kidole gumba na ile michoro miwili, V na Y, kisha ugawe tena karatasi za kufunikia.